Barua Isiyokuwa ya Bi Time

Watu wa Konde jambo likiwashinda huja kwangu, hata kama halinihusu. Nina duka la kopi karibu na soko: mashine moja ya kutoa nakala, printa inayonuna siku za joto, kompyuta mbili, na daftari la jalada gumu. Ndani ya daftari hilo mna anuani za barua pepe za watu themanini na zaidi, pamoja na maneno yao ya siri, kwa sababu mimi ndiye niliyewafungulia na wenyewe hawataki mzigo wa kukumbuka. Najua si sawa. Nimewaambia mara nyingi, wakanijibu, "Asma, weka wewe, mie ntapoteza." Basi naweka, na daftari nalifungia kwenye droo kila ninapotoka.

Katika wote hao, Bi Time Mjaka peke yake hakuniachia neno lake la siri. Hutoka Shumba Mjini, huteremka sokoni, huja akakaa kwenye kiti cha kompyuta ya pili, akaniomba nigeuze uso, kisha akaliandika kwa vidole viwili. Siku hizi hukosea mara tatu kabla ya kupatia, maana macho yamemfifia, lakini kusaidiwa hataki. Mimi hugeuka nikautazama ukuta wangu mwenyewe mpaka aniruhusu. Nina umri wa miaka arubaini na moja, nina watoto wanne, na bado huyu mwanamke akisema geuka, nageuka.

Alinisomesha darasa la saba. Alisomesha Kiswahili miaka thelathini na minne, na lililomfanya ajulikane kaskazini yote ya Pemba ni barua. Ukipita kwa Bi Time ulikuwa huwezi kutoka bila kujua kuandika barua: anuani mahali pake, tarehe mahali pake, salamu, kiini, hitimisho, jina. Salamu ndiyo aliyoipa uzito kuliko yote. Alikuwa akisema kuwa anayeandika barua amegonga mlango wa mtu, na mtu hagongewi mlango akaelezwa shida kabla ya kuamkiwa. Kuna watu waliposwa kwa barua alizozisahihisha yeye, na wengine hadi leo hawajaachana.

Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia ndilo baya zaidi. Mwaka jana kulikuwa na kambi ya macho Chake Chake. Akaenda, akalala kwa dada yake Tibirinzi siku mbili, akapimwa, akaandikishwa kwa upasuaji wa jicho la kulia akapewa kadi. Wakamwambia asubiri ataitwa. Zamani wale watu wa kambi walikuwa wakipiga simu, lakini watu wetu hubadilisha laini kama wanavyobadilisha kanga, kwa hiyo wakaanza kuomba barua pepe kwa kila aliye nayo. Bi Time alikuwa nayo, akaitoa kwa fahari. Toka siku ile, kila Jumanne huja kwangu kutazama kama ameitwa. Jumanne arubaini na kitu, nami ndiye ninayemsomea, kwa sababu herufi za kompyuta hata nikizikuza zikawa za bango, yeye anaona ukungu.

Mtu asiyemjua atasema ni mwanamke mzee asiyeona vizuri, basi, wako wengi. Lakini mimi namjua. Msahafu wake ameuweka juu ya kabati tangu Ramadhani iliyopita, anasoma anachokumbuka kwa moyo. Mchele anachaguliwa na watoto wa jirani, na akila wali ukamwuma meno kwa mchanga hasemi kitu. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, kwamba kinachomuuma zaidi ni kuwa hawezi tena kusahihisha. Nilitaka kulia, nikasingizia printa.

Jumanne hiyo ninayoisimulia akaja kama kawaida. Akaandika neno lake, akakosea, akapatia. Nikageuka kwenye skrini, na hapo juu kabisa nikaona barua iliyoingia jana yake, Jumatatu, kutoka kwa waratibu wa kambi ya macho walioko Unguja. Nikaisoma kwa sauti kubwa mpaka mwenye duka la vyombo upande wa pili akachungulia.

Iliandikwa hivi: Ndugu Time Mjaka Hamdan, umepangiwa upasuaji wa jicho la kulia siku ya Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi. Fika na kadi yako na mtu mmoja wa kukusindikiza. Tafadhali thibitisha kwa kujibu barua pepe hii kabla ya Alhamisi saa nane mchana. Asiyethibitisha, nafasi yake atapewa anayemfuata. Chini jina la mratibu, Thuraiya, na juu kulikuwa na mstari wa usajili.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Time, polepole, na mikono akaiweka mapajani. Kisha akasema, "Soma tena huo wa usajili."

Nikausoma. Usajili namba 214. Amezaliwa 1993. Shehia ya Kengeja.

Akafungua mkoba, akatoa kadi yake iliyokunjwa katika karatasi ya nailoni akanipa. Kadi inasema 387, amezaliwa 1957, Shumba Mjini. Jina ni lile lile, matatu yote kwa mpangilio ule ule. Huku kwetu si ajabu. Mtoto hupewa jina la bibi, baba ana jina la babu, na ukipiga hodi mji wa tatu utamkuta mwenye majina yako yote anakaanga samaki. Anayekaa kwenye kompyuta Unguja akianza kuandika Time Mjaka, mashine humletea anuani ya kwanza inayoijua, naye akabonyeza bila kutazama zaidi. Time wa Kengeja na yeye alikuwa na anuani yake, bila shaka, lakini iliyokuja juu ilikuwa ya mwalimu wangu.

"Si yangu," akasema Bi Time. "Mwandikie umwambie si yangu, ampelekee mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa mtu mzima, nikabaki mwanafunzi. Nikaweka vidole tayari nikasubiri, naye akaanza kunitamkia. Barua yenyewe sitaiandika yote hapa, tutachoka. Ilianza: Mpendwa Bi Thuraiya, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote wa ofisi yenu, kama nilivyo mimi huku Pemba. Nimeipokea barua yako kwa furaha kubwa, na natoa shukrani nyingi kwa kutukumbuka sisi wagonjwa wa macho. Kisha ikaja dua kwa madaktari. Kisha habari za kambi ya mwaka jana, jinsi wauguzi walivyokuwa na adabu. Kiini kilifika aya ya nne, nacho kilikuja kimevaa buibui: kwa unyenyekevu ningependa kudokeza kuwa huenda barua hii ilikusudiwa mwenzangu tunayefanana majina, hivyo ukipata wasaa utazame tena.

Nikamwambia, "Mwalimu, hili la mwenzako tuliweke juu. Watu wa ofisi hawasomi mpaka chini."

"Wewe Asma toka utoto wako una haraka," akanijibu. "Nimtumbukizie mtu kosa lake usoni kabla sijamjulia hali?"

"Na hilo neno huenda la nini? Wewe si una hakika?"

"Hakika ninayo. Lakini mtu aliyekosea huachiwa njia ya kutokea."

Ningeweza kubisha. Sikubisha, nikabonyeza, ikaenda. Yeye akatoka kwenda kununua samaki na mimi nikaendelea na nakala za vyeti vya watu.

Gari la Shumba lilikuwa linaondoka alasiri. Kabla ya kupanda akapita tena dukani kutazama, na jibu lilikuwepo. Nikamsomea. Wa alaykum salaam Bi Time, asante sana kwa kuthibitisha na kwa maneno yako mazuri. Tumekuweka kwenye orodha ya Jumatatu. Karibu sana.

Dada yule alikuwa amesoma mwanzo tu. Nimeipokea barua yako kwa furaha kubwa: kwake hilo lilitosha, akaweka alama, akaenda kwa mwengine. Nami simlaumu sana, ningekuwa yeye, mbele yangu watu mia mbili, ningefanya vilevile. Namlaumu Asma, aliyeona mtego akautazama tu.

Bi Time aliniomba nimtolee ile barua ya kuitwa kwenye karatasi. Sikumwuliza ya nini. Nikaitoa, akaikunja, akaitia mkobani pamoja na kadi yake, akaenda kupanda gari.

Sasa niseme kweli, maana kisa hiki hakina maana nikijipamba. Nilifurahi. Nilifunga duka nikarudi nyumbani nikiwa nimefurahi kabisa. Nilijiambia: amewaambia, hawakusoma, kosa ni lao. Hakusema uongo hata neno moja. Mwenyezi Mungu akitaka kukupa huleta njia, na pengine njia yenyewe ndiyo hii. Time wa Kengeja ni kijana, atapata zamu nyengine. Mwalimu wangu ana miaka sitini na kitu na msahafu uko juu ya kabati. Nilimwambia mume wangu, naye akasema hivyo hivyo. Tukala tukalala vizuri.

Siku ya pili, Jumatano, sikumtarajia, lakini kabla ya saa nne akaingia. Safari hii hakuwa peke yake. Alikuwa na Jabir, mtoto wa kaka yake anayekaa naye, fundi wa pikipiki, mtu mzima mwenye mikono ya mafuta na moyo mzuri. Walikuwa wamegombana njiani, ilionekana. Jabir alinisalimia kisha akanikabidhi kesi hapo hapo mlangoni.

"Asma, nsaidie na shangazi. Kaandika, kasema si yeye. Wamejibu wenyewe karibu. Sasa anataka kuandika tena. Ntu akirejesha rizki yake mara mbili, hiyo si kufuru?"

"Rizki ya nani?" Bi Time akauliza.

"Yako. Watakupima, wataona mtoto wa jicho yumo. Jicho ni jicho, shangazi. Wao hawakati karatasi."

Mimi nikatazama chini. Jabir alikuwa anasema yale yale niliyolala nayo.

Bi Time akakaa. Akasema, kwa Kiswahili kile kile cha darasani, kwamba jana alipofika nyumbani alifungua sanduku akatoa kanga ya safari. Akaipiga pasi. Akamwambia jirani ampe kuku wake chakula siku ya Jumatatu. "Nilikuwa nakwenda," akasema. "Msinione mtu mwema. Nilikwisha kwenda moyoni mwangu. Nikachukua ile karatasi nikaisogeza puani nipate kuisoma mwenyewe, nikasoma jina langu, nikafurahi. Halafu nikasoma 1993." Akamgeukia Jabir. "Mwaka huo nilikuwa na darasa la watoto hamsini na sita. Huyu alikuwa kitandani kwa mamake. Sasa ana macho kama yangu."

Jabir akakuna kichwa. Akatoa rai nyengine, na ilikuwa rai ya mtu wa siku hizi: kwa nini tusimtafute huyo Time wenyewe? Tuandike kwenye makundi ya simu, anayemjua Time Mjaka wa Kengeja mwenye ugonjwa wa macho amwambie ameitwa. Kabla ya adhuhuri Pemba nzima itajua.

"Ndiyo, itajua," akasema Bi Time. "Na yeye pengine hakumwambia hata mkwewe. Maradhi ya mtu ni siri yake. Barua hii imenijia kwa makosa, sina haki ya kuitembeza. Aliyeipeleka pasipo pake ndiye atakayeipeleka panapo pake."

Nami nikaona niseme yangu. "Basi Mwalimu, tukiandika tuandike kwa namna yangu. Mistari mitano. Ukinitia dua aya nzima, siandiki."

Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Nilitegemea aniambie nisimame. Yeye akaniambia, "Haya. Nitamkie wewe, nami nisikilize."

Tukaifungua ile ile barua ya Bi Thuraiya tukaijibu humo humo, ili akiifungua aone nyuma yake kitu tunachokizungumzia na asianze kutafuta. Nikamwambia kwanza tubadilishe mada, ile inayoonekana kabla barua haijafunguliwa, ili hata akiwa na haraka ajue. Nikaandika: Barua imefika kwa asiyehusika, usajili 214. Jina la ugonjwa sikulitia. Bi Time akaitikia kwa kichwa.

"Salamu," akasema.

"Moja."

"Moja na nusu."

"Moja, Mwalimu. Assalaam alaykum Bi Thuraiya, tunaingia ndani."

Akacheka puani. Kisha tukaanza kubishana neno kwa neno, na nakwambia sijapata kufanya kazi ngumu kama ile, wala mukhtasari wa mkutano wa shehia haujanitoa jasho hivyo. Alitaka kuomba radhi kwa barua ya jana. Tukakubaliana mara moja, tena kwa maneno sita. Alitaka neno huenda lirudi, nikalikataa. Mimi nilitaka kusema mmekosea. Akalikataa yeye, akasema "imenifikia kwa makosa" inatosha, haimtaji mtu na haimwongopei. Hapo nikatambua kuwa bado ananisahihisha. Nikataka kuongeza chini kwamba yeye naye anasubiri mwaka wa pili, wamkumbuke. Hilo nililitaka sana. Nikaliandika kabla hajasema.

"Futa," akasema.

"Mwalimu, ni kweli."

"Ni kweli, lakini si kiini cha barua hii. Akilisoma ataona ninamwuzia nafasi ya mwenzangu. Na ataanza kunijibu hilo, asahau lile."

Nikalifuta. Ikabaki hivi, na hii naiandika yote kwa sababu ni fupi:

"Assalaam alaykum Bi Thuraiya. Barua yako ya Jumatatu, usajili namba 214, imenifikia mimi kwa makosa. Mimi si mhusika; tunafanana majina, namba yangu ni 387. Tafadhali mpelekee mwenyewe, muda wa kuthibitisha ni kesho saa nane mchana. Samahani kwa barua yangu ya jana. Sikuithibitisha nafasi hiyo. Ukinijibu kuwa imemfikia, nitaifuta kwangu. Ahsante. Time Mjaka Hamdan, Shumba Mjini."

Nikamsomea mara mbili. Ya "sikuithibitisha" aliitamka mwenyewe. Jabir alikuwa ametoka nje amesimama na mgongo wake kwetu.

"Kavu," akasema Bi Time. "Kavu kama mkate wa jana. Ipeleke."

Nikaipeleka. Siku nzima ile haikujibiwa.

Alhamisi akaja na gari la kwanza akakaa kwenye kiti akasubiri. Mimi kila mteja akiondoka natazama. Saa tatu hakuna, saa nne hakuna. Nilitaka kupiga simu, lakini barua ya ofisi haikuwa na namba. Nikamwambia, tumpelekee tena ile ile, pengine haikuonekana. Akasema tumpe mpaka saa sita, mtu mwenye kazi hasukumwi kila saa, lakini saa sita ikipita tutagonga tena na safari hiyo salamu ataikata mwenyewe. Alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Alishika tasbihi na hakuivuta hata punje moja.

Saa tano na robo ikaingia. Wa alaykum salaam Bi Time. Asante sana kwa kunizindua. Barua yako ya mwanzo niliisoma juu juu kwenye simu nikiwa njiani, naomba radhi. Mhusika nimempelekea sasa hivi, amepokea na amethibitisha. Thuraiya.

Ilikuwa hiyo tu. Juu ya namba 387, hata neno. Niliisoma mara ya pili nikitafuta pembeni, pengine kuna kitu kimejificha, hakuna. Nikakasirika, nikasema maneno ambayo mwanafunzi hasemi mbele ya mwalimu wake. Nyinyi wa ofisi, huyu mtu amekurudishieni kiti, angalau mwulizeni yeye amekaa wapi.

"Amejibu alichoulizwa," akasema Bi Time. "Sasa ifute ile barua, kama tulivyoahidi."

Nikaifuta kwenye sanduku la barua, na ndani ya takataka pia nikaitoa. Akatoa mkobani ile karatasi niliyomchapishia, akaichana vipande vidogo vidogo mezani kwangu, pale kwenye jina akachana zaidi. Akanunua samaki akaenda zake. Kanga ya safari, nilisikia kwa Jabir, ilirudi sandukuni ikiwa na pasi yake.

Wiki moja baada ya ile Jumatatu ya upasuaji, siku ya Jumanne, kulikuwa na barua nyengine ya Bi Thuraiya. Nilidhani ni zamu ya Mwalimu nikaisoma mbio. Haikuwa. Ilisema: Bi Time wa Kengeja anaomba namba yako ya simu akushukuru. Nimeona nikuulize kwanza. Nimpe? Bi Time akanitamkia jibu lenye neno moja: Mpe. Nikamwuliza hata salamu, Mwalimu? Akasema mimi ndiye niliyemharibu, nisijifanye.

Simu ilikuja akiwa bado kwangu, anasubiri gari. Akaniomba nifungue spika kwa sababu vitufe havioni. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, ya kusini kabisa, ikikata maneno kwa haraka.

"Shikamoo Bi Time. Mie Time."

"Marahaba, Time. Umeamkaje na jicho?"

"Alhamdulillahi. Walinfungua siku ya pili ya upasuaji. Naona, Bi Time. Kwa lile la kulia naona mpaka nyufa za ukuta, mpaka nimewaambia watu wa nyumbani kwani sie nyumba yetu hii chafu hivi na hamkunambia."

Bi Time akatabasamu. Mimi nikaacha kukata karatasi.

"Bi Thuraiya kanambia wewe na wewe umo kwenye kusubiri," akasema yule binti, na sauti ikapungua. "Kanambia barua yangu ilikuja kwako. Wameshakwita?"

"Bado."

Nikaona Bi Time anatafuta neno la kumtoa mwenzake kwenye haya, kama alivyomtafutia yule wa Unguja njia ya kutokea. "Una watoto?" akamwuliza.

"Mmoja. Ana miezi saba. Toka nimemzaa namjua kwa kumpapasa."

"Na sasa umemwona."

"Nimemwona."

"Kafanana na nani?"

Yule binti akaanza kucheka, na ndani ya kicheko kilio kikapita, tukakisikia sote, hata mwenye duka la vyombo aliyekuwa ameingia kutoa kopi akasimama na karatasi yake mkononi.

"Miezi saba, Bi Time," akasema. "Miezi saba mama mkwe na mawifi wananambia ntoto ni babake ntupu, pua ya babake, macho ya babake, wewe umembeba tu. Nami nikaamini, nifanye nini. Siku nliyofunguliwa wakanletea, nkamweka hapa mbele yangu. Ni mie. Ni mie kuanzia juu mpaka chini."

Bi Time alicheka mpaka akavua miwani, akachukua ncha ya mtandio akayafuta macho yake, ambayo hadi leo hayajaitwa.